Mwongozo: Kutoka mobiliti hadi mikondo ya drifti na difyusheni, hatua kwa hatua

Kila muhula wanafunzi wa elektroniki huniuliza maswali yale yale matatu. Jedwali limenipa mobiliti peke yake, hiyo D, yaani kigezo cha difyusheni, niitoe wapi? Kwa nini mlinganyo wa elektroni una alama ya kujumlisha mbele ya difyusheni, na ule wa matundu una alama ya kutoa? Na la tatu, ambalo ndilo zito: kipande cha silikoni hakijaunganishwa na betri yoyote, mbona tunaambiwa ndani yake kuna uga wa umeme?

Maswali haya yana jibu moja, na jibu hilo linaonekana vizuri zaidi ukikokotoa mwenyewe kipande kimoja kwa namba kamili. Tutafanya hivyo hapa. Tukimaliza utaona kwamba mobiliti na D ni mali moja iliyotazamwa pande mbili, na kinachoziunganisha ni volteji ndogo ya milivolti 26 hivi ambayo hutegemea halijoto tu.

Kabla ya kuanza

Uwe na kikokotoo chenye kitufe cha `ln`, karatasi, na penseli ya kuchorea mishale. Kompyuta yenye Python itakusaidia kuhakiki, ila si lazima. Namba utakazohitaji ni hizi:

- chaji ya elektroni, q = 1.602 × 10⁻¹⁹ C
- kiasi kisichobadilika cha Boltzmann, k = 1.381 × 10⁻²³ J/K
- halijoto ya kipande kwa kelvini
- mobiliti ya elektroni na ya matundu katika kiwango cha dopu ulicho nacho
- maelezo ya jinsi msongamano wa chaji unavyobadilika kutoka upande mmoja hadi mwingine

Maneno mawili tuyaweke sawa. Drifti ni mwendo wa chaji unaotokana na kusukumwa na uga wa umeme. Difyusheni ni mwendo wa chaji kutoka penye wingi kwenda penye uchache, na hakuna nguvu inayozivuta kwenda huko. Kila elektroni inarukaruka ovyo kwa sababu ya joto, kwa hiyo upande wenye elektroni nyingi hutoa nyingi kuliko unazopokea. Basi. Nadharia nyingine itakuja pale tu itakapohitajika.

Kipande chetu

Chukua silikoni ya aina ya n iliyodopiwa fosforasi, urefu wa maikromita 2. Mwanzoni, x = 0, msongamano wa elektroni, n, ni 10¹⁷ kwa kila sentimita ya ujazo. Mwishoni ni 10¹⁵. Katikati unashuka kieksponensheli, yaani kwenye grafu ya logi unaonekana kama mstari ulionyooka. Halijoto ni kelvini 300, na hakuna betri wala mwanga.

Hatua ya 1: Chora mhimili kabla ya kuandika mlinganyo wowote

Chora mstari mlalo, andika 0 kushoto na L kulia, kisha mshale wa +x ukielekea kulia. Juu yake chora mteremko wa n ukishuka kutoka kushoto kwenda kulia. Chini yake acha nafasi ya mishale minne: elektroni zinasonga wapi kwa difyusheni, mkondo wake unaelekea wapi, elektroni zinasonga wapi kwa drifti, na mkondo wake unaelekea wapi.

*Tahadhari:* Makosa mengi ya alama ninayosahihisha yangezuiwa na mchoro huu. Mwendo wa elektroni na mwelekeo wa mkondo wake ni mishale miwili inayopingana, kwa kuwa elektroni ina chaji hasi. Mtu akiijumuisha mishale hiyo kuwa mmoja akilini, atapotea hatua ya 5.

Hatua ya 2: Geuza halijoto kuwa volteji

Volteji ya joto ni nishati ya joto ikigawanywa kwa chaji ya elektroni:

```
VT = k*T/q
```

Kwa kelvini 300 utapata 0.02585 V, yaani milivolti 25.85. Njia ya mkato ni kugawa kelvini kwa 11605. Vitabu vingine huandika milivolti 25, vingine 26, na vyote viko sahihi kwa halijoto yake: 25 ni ya kelvini 290 hivi, ambayo ni nyuzi 17 za Selsiasi, na 26 ni ya nyuzi 29. Katika maabara ya Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi, nyuzi 30, tumia 26.1.

*Tahadhari:* Ukiingiza 27 ya Selsiasi badala ya 300 ya kelvini utapata milivolti 2.3. Namba hiyo ikitokea popote kwenye karatasi yako, rudi hapa.

Hatua ya 3: Tafuta mobiliti inayolingana na dopu yako

Mobiliti inakuambia chaji itapata kasi kiasi gani kwa kila kipimo cha uga. Katika silikoni karibu safi, kwa kelvini 300, elektroni zina mobiliti ya takriban 1350 cm²/V·s na matundu takriban 450 hadi 480. Hizi ndizo namba zilizozoeleka, na ndizo zinazowaponza watu, kwa sababu dopanti zenyewe huzipotosha chaji njia zikipita karibu nazo. Kadiri dopu inavyozidi ndivyo mobiliti inavyoshuka: kwenye 10¹⁶ chukua 1200 hivi kwa elektroni na 400 hivi kwa matundu, na kwenye 10¹⁷ elektroni zimeshuka hadi karibu 800.

Kipande chetu kina dopu inayobadilika, hivyo mobiliti nayo inabadilika njiani. Tutasimama mahali pamoja, pale katikati ambapo n = 10¹⁶, na kutumia 1200. Hofu yako kwamba mabadiliko haya yataharibu hesabu ya uga itaondoka hatua ya 6.

Hatua ya 4: Toa D kutoka kwenye mobiliti

Hili ndilo jibu la swali la kwanza:

```
D = mobiliti * VT
```

Kwa elektroni zetu: 1200 × 0.02585 = 31.0 cm²/s. Kwa matundu: 400 × 0.02585 = 10.3 cm²/s. Huhitaji jedwali la pili. Jedwali likikupa D na mobiliti kwa pamoja, gawa moja kwa nyingine uone kama unapata volteji ya joto ya halijoto iliyoandikwa. Usipoipata, namba hizo mbili hazikutoka kwenye kipande kimoja au halijoto moja.

Uhusiano huu una jina la Einstein, ambaye mwaka 1905 alifikia wazo hilo alipokuwa akieleza mwendo wa chembe ndogo zinazoelea ndani ya kimiminika. Sababu yake kwenye semikondakta utaiona kwa macho yako hatua ya 7.

*Tahadhari:* Usiseme "joto likipanda, D inapanda kwa uwiano ule ule." VT inapanda, kweli, lakini mobiliti ya silikoni yenye dopu ndogo inashuka haraka zaidi, takriban kwa T⁻²·⁴, kwa sababu atomi zinazotikisika hukatiza safari za elektroni. Ukitoka kelvini 300 hadi 350, VT inafika milivolti 30.2, mobiliti ya 1350 inaanguka hadi kama 930, na D inatoka karibu 35 hadi karibu 28. Imeshuka.

Hatua ya 5: Andika milinganyo na uhakiki alama kwa mishale

```
Jn = q*un*n*E + q*Dn*(dn/dx)
Jp = q*up*p*E - q*Dp*(dp/dx)
```

Hapa `Jn` na `Jp` ni mikondo ya elektroni na ya matundu kwa kila sentimita ya mraba, `E` ni uga, `p` ni msongamano wa matundu, na `un` na `up` ni mobiliti za elektroni na matundu. Usikariri alama hizi. Zijenge upya kila mara kwa kutazama mchoro.

Anza na difyusheni ya elektroni. Msongamano unashuka kuelekea kulia, hivyo elektroni zinakwenda kulia. Chaji yake ni hasi, hivyo mkondo unaelekea kushoto, yaani ni hasi. Na dn/dx kwenye mteremko unaoshuka ni hasi. Hasi ya dn/dx inatakiwa itoe mkondo hasi, kwa hiyo alama ni ya kujumlisha. Sasa fikiria matundu yenye mteremko ule ule: nayo yanakwenda kulia, lakini chaji yake ni chanya, mkondo unaelekea kulia, ni chanya. Ili dp/dx iliyo hasi itoe mkondo chanya, lazima kuwe na alama ya kutoa. Hilo ni jibu la swali la pili.

Kwa drifti aina zote mbili zina alama ya kujumlisha. Uga ukielekea kulia, matundu yanakwenda kulia na mkondo wake ni kulia. Elektroni zinakwenda kushoto, chaji yake hasi inaugeuza mkondo kuwa kulia. Zinapingana kwa mwendo, zinakubaliana kwa mkondo.

Hatua ya 6: Tumia sharti la mkondo sifuri kupata uga

Kipande hakina betri wala mwanga na halijoto yake ni moja kote. Kiko kwenye msawazo, na kwenye msawazo mkondo wa elektroni ni sifuri kila mahali. Mkondo wa matundu nao ni sifuri, peke yake. Usitosheke na kusema jumla ya yote ni sifuri.

Weka Jn = 0, kisha gawa pande zote kwa q, kwa mobiliti na kwa n:

```
E = -VT * (1/n) * (dn/dx)
```

Tazama kilichotoweka. Mobiliti haimo tena. Mobiliti na D ziliingia pamoja, uwiano wake ni VT, na VT haijali dopu. Ndiyo maana uga unabaki ule ule hata kama mobiliti ni 800 upande mmoja na 1350 upande wa pili.

Kwa msongamano wa kieksponensheli, sehemu ya (1/n)(dn/dx) ni namba moja kote, sawa na −1/λ, ambapo λ ni urefu ambao n inapungua kwa mara 2.718:

```
lambda = L / ln(n0/nL) = 2e-4 cm / ln(100) = 4.34e-5 cm
E = VT/lambda = 0.02585 / 4.34e-5 = 595 V/cm
```

Uga ni chanya, unaelekea kulia. Linganisha na mchoro: elektroni zilijaribu kumwagikia kulia, zikaacha kushoto fosforasi zenye chaji chanya ambazo haziwezi kusogea. Uga unatoka kwenye chanya kwenda kwenye hasi, kulia, na unazirudisha elektroni kushoto. Alama na picha vinakubaliana. Tofauti ya volteji kati ya ncha mbili ni VT × ln(100), milivolti 119.

*Tahadhari:* L lazima iwe kwa sentimita ikiwa mobiliti na msongamano viko kwa sentimita. Maikromita 2 ni 2 × 10⁻⁴ cm.

Hatua ya 7: Kokotoa mikondo yote miwili, usirukie sifuri

Wengi huishia hatua ya 6 na kuandika "mkondo ni sifuri." Endelea, kwa kuwa fundisho lote liko hapa. Katikati ya kipande, n = 10¹⁶:

```
drifti     =  q*un*n*E        = +1144 A/cm2
difyusheni = -q*Dn*n/lambda   = -1144 A/cm2
```

Zaidi ya ampea elfu moja kwa kila sentimita ya mraba zinakwenda kila upande, ndani ya kipande kilicholala mezani bila waya. Sifuri tuliyoiandika ni tofauti ya vitu viwili vikubwa.

Sasa unaweza kuona kwa nini D haiwezi kuwa namba huru. Tuseme D ingekuwa kubwa kidogo tu kuliko mobiliti × VT. Difyusheni ingeushinda uga, na kipande kingetoa mkondo milele bila kulishwa nishati yoyote. Maumbile hayaruhusu hilo, kwa hiyo mizani inazilazimisha D na mobiliti ziende pamoja. Kwa ndani zaidi, sababu ni kwamba migongano ile ile inayoipunguzia elektroni kasi inaposukumwa na uga ndiyo inayofupisha miruko yake ya ovyo inapotawanyika.

Gawa drifti kwa difyusheni upate kanuni ndogo ambayo mimi huitumia kuliko nyingine zote:

```
drifti/difyusheni = E*lambda/VT
```

Isome hivi: chukua uga, uzidishe kwa urefu wa mteremko, upate volteji. Ikiwa volteji hiyo ni kubwa sana kuliko milivolti 26, drifti inatawala. Ikiwa ni ndogo sana, difyusheni inatawala. Huna haja ya kujua mobiliti wala msongamano. Kwenye msawazo wetu ni 595 × 4.34 × 10⁻⁵, sawa na milivolti 25.85 barabara, na uwiano ni moja.

Hatua ya 8: Rudia kwa matundu

Kwenye silikoni ya kelvini 300, n × p ni takriban 10²⁰ kwenye msawazo. Pale n ni 10¹⁷, p ni 10³. Pale n ni 10¹⁵, p ni 10⁵. Mteremko wa matundu unapanda kuelekea kulia, hivyo difyusheni inayapeleka kushoto, na uga ule ule wa 595 V/cm unayasukuma kulia. Kokotoa mwenyewe katikati, p = 10⁴: kila upande utapata kama 3.8 × 10⁻¹⁰ A/cm². Ni kidogo mno, lakini yanafutana kwa usahihi ule ule. Uga mmoja umezisawazisha aina mbili za chaji zenye mobiliti tofauti kabisa, na hilo linawezekana kwa sababu tu zote zina uwiano mmoja wa D kwa mobiliti.

Hatua ya 9: Hakiki kwa kompyuta

```python
import math
k, q, T = 1.380649e-23, 1.602176634e-19, 300
VT = k*T/q
mob, n = 1200, 1e16
lam = 2e-4/math.log(1e17/1e15)
E = VT/lam
drifti = q*mob*n*E
difyusheni = -q*(mob*VT)*n/lam
print(VT, E, drifti, difyusheni, drifti + difyusheni)
```

Badilisha `mob` iwe 800 au 1350. Mikondo itabadilika, E haitabadilika, na jumla itabaki sifuri, au namba ndogo sana inayotokana na kukadiria kwa kompyuta.

Hatua ya 10: Pima uwiano kwa vifaa

Ukiwa na maabara yenye vifaa vya semikondakta, uwiano huu unaweza kuupima moja kwa moja kwa jaribio ambalo Haynes na Shockley walilifanya kwenye maabara za Bell, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940. Walitumia gerimani. Kipande kirefu cha aina ya n kinapewa uga wa wastani. Ncha ya sindano inaingiza kikundi cha matundu kwa muda mfupi sana. Kikundi kinasafiri na uga hadi kwenye sindano ya pili, ambako osiloskopu inaonyesha kilima. Muda wa kufika unatoa mobiliti, upana wa kilima unatoa D. Picha moja, vipimo viwili.

Chukua namba hizi za mfano. Umbali kati ya sindano ni sentimita 0.80 na uga ni 4 V/cm. Kilele kinafika baada ya maikrosekunde 105, na kilima kina upana wa maikrosekunde 38 kikipimwa mahali ambapo urefu wake umeshuka hadi asilimia 37 ya kilele, yaani 1/e.

```
kasi     = 0.80/105e-6          = 7619 cm/s
mobiliti = 7619/4               = 1905 cm2/V.s
upana    = 7619*38e-6           = 0.290 cm
D        = upana^2/(16*105e-6)  = 49.9 cm2/s
D/mobiliti                      = 0.0262 V
```

Milivolti 26.2 dhidi ya 25.85 zinazotarajiwa. Kwa upana uliosomwa kwa jicho kwenye skrini, hayo ni makubaliano mazuri. Matundu mengine yatapotea njiani kwa kuungana na elektroni, lakini hilo linakifupisha kilima bila kukipanua, hivyo D haiharibiki.

Pale ambapo uhusiano unaacha kufanya kazi

Swali linalofuata huwa hili: tumeupata kwenye msawazo, je, tunaweza kuutumia daiodi inapopitisha mkondo? Ndiyo, mradi chaji ziwe bado na halijoto ya kipande. Mikondo miwili haitafutana tena, ila D gawa kwa mobiliti inabaki VT. Transista zenye besi ya dopu inayoteremka hutumia jambo hilo: uga wa ndani uliojengwa na mteremko wa dopu unazisaidia chaji zilizoingizwa kuvuka besi, na hapo drifti na difyusheni zinaelekea upande mmoja.

Uga ukiwa mkali, kilovolti kadhaa kwa sentimita na zaidi, elektroni hupata nishati haraka kuliko zinavyoweza kuitoa kwa atomi. Zinakuwa moto kuliko silikoni inayozibeba, na kasi yake inakaribia kikomo cha 10⁷ cm/s. Hapo T ya kwenye VT si ile ya kipimajoto chako. Kipande chetu kiko salama: 1200 × 595 ni kama 7 × 10⁵ cm/s.

Dopu kubwa mno ni kikomo cha pili. Kwenye silikoni, ukikaribia 10¹⁹, elektroni zinaanza kubanana kwenye ngazi za nishati, na D gawa kwa mobiliti inakuwa kubwa kuliko VT. Kwa tabaka za aina hiyo usitumie hatua ya 4.

Majibu yakigoma

*Uga umetoka 258 V/cm badala ya 595.* Umebonyeza `log` badala ya `ln`.

*Uga umetoka 54 V/cm.* Uliingiza nyuzi 27 za Selsiasi mahali pa kelvini.

*Jumla ya mikondo ni 2289 A/cm², chanya au hasi.* Mikondo miwili imejumlishwa ikiwa na alama moja. Ama umeusahau mteremko unaoshuka, ama umetumia alama ya matundu kwa elektroni. Rudi kwenye mishale ya hatua ya 1.

*Jumla imebaki −184 A/cm².* Hili nimeliona mara nyingi sana. Ulitumia mobiliti ya 1200 ya kipande chenye dopu, kisha ukachukua D ya 36 kutoka jedwali la silikoni safi. Uwiano wake ni milivolti 30, ambao ungehitaji kipande cha nyuzi 75 za Selsiasi. Toa D kutoka kwenye mobiliti uliyonayo.

*Kwenye jaribio la sindano mbili umepata milivolti 18.* Ulipima upana wa kilima kwenye nusu ya kilele lakini ukagawa kwa 16. Ukipima kwenye nusu, gawa kwa 11.1.

*Kwenye jaribio hilo hilo umepata milivolti 35 au zaidi.* Kagua kwanza muda wa kuingiza matundu. Ukiwa mrefu, kilima kilianza safari kikiwa tayari kipana, nawe umeuhesabu upana huo kama difyusheni. Ufupishe hadi upana usipungue tena. Kisha punguza kiasi cha matundu unayoingiza, kwa kuwa yakiwa mengi yanauvuruga uga wenyewe. Mwisho gusa kipande: kama uga umekipasha moto, VT yake si ya chumba.

*Voltimita haionyeshi zile milivolti 119.* Wala haitaonyesha. Kila mahali chuma cha waya kinapogusana na silikoni pana tofauti yake ya volteji inayotegemea dopu ya pale, na ukizunguka mzunguko mzima zote zinajumlishwa kuwa sifuri. Kama voltimita ingezisoma, ungeweza kuwasha taa kwa kipande kilichokaa tu kwenye halijoto ya chumba.

*"Kama elektroni zimehama, mbona bado tunasema n ni sawa na dopu?"* Kokotoa ni ngapi zilizohama. Kwa kuwa uga ni mmoja kote ndani ya kipande, chaji ya ziada imekaa kwenye ncha tu, na kiasi chake ni permitiviti ya silikoni, 1.04 × 10⁻¹² F/cm, ikizidishwa kwa 595 V/cm. Gawa kwa q: elektroni bilioni 3.9 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Kipande kizima kina elektroni trilioni 4.3 kwa eneo hilo hilo. Imehama takriban moja kati ya 1100, na hiyo imetosha kuzizuia zote zilizobaki.